Kabla ya Hashi, Taja Usimbaji

Mwanafunzi anayeanza kutumia maktaba ya hashlib katika lugha ya Python hukutana mapema na ukaidi unaomshangaza. Huandika mistari hii miwili, akitumaini kupata hashi ya neno moja la kawaida:

```
import hashlib
hashlib.sha256("ng'ombe")
```

Badala ya jibu, kompyuta humrudishia kosa: `TypeError: Strings must be encoded before hashing`. Maana yake ni kwamba maandishi hayana budi kusimbwa kabla ya kufanyiwa hashi. Aghalabu mwenzake humwonyesha kwamba akiongeza `.encode()` kosa huondoka, na shauri huishia hapo. Maoni yangu ni kwamba shauri halifai kuishia hapo. Kosa hilo si kero ya lugha, bali ni swali la haki ambalo mwandishi wa programu peke yake ndiye awezaye kulijibu.

Kwanza tuangalie hashi inafanya nini. Kanuni ya SHA-256 hupokea baiti, yaani namba kuanzia 0 hadi 255 zilizopangwa kwa mfuatano, huzichanganya kwa hesabu maalumu, kisha hutoa baiti 32, ambazo kwa desturi huandikwa kwa tarakimu 64 za mfumo wa kumi na sita. Badiliko la biti moja tu katika pembejeo hubadilisha kwa wastani nusu ya biti za jibu. Kanuni hiyo haijui herufi, wala haijui neno. Katika Python 3, nayo maandishi si baiti: ni mfuatano wa herufi, na kila herufi ina namba yake katika orodha ya Unicode. Namba hizo huweza kupita 255 kwa mbali, kwa hiyo hazina budi kugeuzwa kuwa baiti kwa kanuni fulani. Kanuni hiyo ndiyo tuiitayo usimbaji, na zipo nyingi.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoweza kumhadaa mwanafunzi. Herufi zetu karibu zote zimo katika orodha ya kale ya ASCII yenye herufi 128, ambazo huandikwa kwa baiti zile zile katika UTF-8, katika Latin-1 na katika cp1252, usimbaji uliozoeleka katika kompyuta nyingi za Windows. Neno "kitabu" litatoa hashi moja kwa njia zote tatu. Mwanafunzi akijaribu maneno kumi ya namna hiyo ataamini kwamba uchaguzi hauna maana. Kuna alama moja itakayomwonyesha vingine, nayo ni ritifaa.

Ritifaa iliyo kwenye kibodi ni herufi namba 39. Lakini programu nyingi za kuandikia barua huibadilisha zenyewe kuwa ritifaa iliyopinda, ambayo ni herufi namba 8217, na katika Python huweza kuandikwa `\u2019`. Kwa jicho la msomaji neno ni lile lile. Tazama sasa baiti zake:

```
a = "ng'ombe"
b = "ng\u2019ombe"
a.encode("utf-8").hex()   # 6e67276f6d6265
b.encode("utf-8").hex()   # 6e67e280996f6d6265
b.encode("cp1252").hex()  # 6e67926f6d6265
```

Maneno yote mawili yana herufi 7. Kwa UTF-8 la kwanza lina baiti 7 na la pili baiti 9, kwa sababu ritifaa iliyopinda huchukua baiti 3: e2, 80 na 99. Kwa cp1252 neno hilo hilo la pili lina baiti 7, na ritifaa ni baiti moja, 92. Kwa Latin-1 haiwezekani kabisa, na Python hutoa kosa la `UnicodeEncodeError`. Mifuatano hii mitatu ya baiti itatoa hashi tatu zisizofanana hata kidogo.

Tuchukue mfano wa shule inayolinganisha orodha mbili za wanafunzi kwa hashi za majina. Majina yenye "ng'" yatakataa kuoana, ilhali mengine yote yanaoana. Mwalimu atayatazama kwenye skrini na kuyaona sawasawa. Wala hashi yenyewe haitamsaidia, kwa kuwa haibebi alama yoyote ya usimbaji uliotumika, na haiwezi kurudishwa nyuma ili neno la asili lisomwe. Njia ya kugundua ni moja: kurudi kwenye maandishi, kuyasimba, na kuzitazama baiti kwa `.hex()` kama tulivyofanya hapo juu.

Wapo wanaosema kwamba Python ingeweza kuchagua UTF-8 kimya kimya na kutuondolea usumbufu. Hoja hii ina uzito, kwa sababu `.encode()` bila kutaja kitu hutumia UTF-8 katika kila kompyuta. Lakini tukumbuke yaliyotokea kwingineko. Katika lugha ya Java, njia ya `getBytes()` isiyotajiwa usimbaji ilifuata mpangilio wa kompyuta husika, mpaka toleo la 18 la mwaka 2022 lilipoweka UTF-8 kuwa kawaida. Kabla ya hapo programu ile ile iliweza kutoa hashi mbalimbali kwenye mashine mbili, bila onyo lolote. Python 2 nayo ilijaribu kusimba maandishi ya Unicode kwa ASCII yenyewe, hivyo programu ilikwenda vizuri mpaka siku ilipokutana na herufi ya kigeni. Python 3, iliyotoka mwaka 2008, iliamua kukataa tangu mwanzo. Ni heri kosa la dakika ya kwanza kuliko hitilafu ya miaka miwili baadaye.

Hata hivyo, tusidai zaidi ya haki. Kuchagua UTF-8 hakuzifanyi ritifaa mbili kuwa moja. Hizo ni herufi mbili, na ni juu yetu kuamua kwamba kwetu ni sawa. Uamuzi huo hufanywa kabla ya kusimba:

```
def hashi(neno):
    neno = neno.replace("\u2019", "'")
    baiti = neno.encode("utf-8")
    return hashlib.sha256(baiti).hexdigest()
```

Kadhalika, anayetaka hashi ya faili asiifungue kama maandishi. Aifungue kwa `"rb"`, kwa maana faili tayari ni baiti na hakuna la kusimba.

Kwa walimu nina mapendekezo mawili. La kwanza, mwanafunzi aandike `encode("utf-8")` kwa ukamilifu, ijapokuwa mabano matupu yangetosha, ili asomaye baadaye ajue ni kanuni gani iliyochaguliwa. La pili linahusu majaribio. Vitabu hupenda kutumia neno "abc", ambalo hashi yake ya SHA-256 huanza na ba7816bf na kuishia na f20015ad. Jaribio hilo huthibitisha kwamba hesabu ya hashi ni sahihi, lakini haliwezi kutofautisha UTF-8 na cp1252, kwa kuwa herufi zote tatu zimo katika ASCII. Darasa lijaribu pia ng'ombe mwenye ritifaa iliyopinda, kwa usimbaji wote miwili, na kila mwanafunzi aeleze kwa baiti kwa nini majibu yametofautiana.