Wapambe na Wajibu Wao Siku ya Ndoa



Katika ndoa moja hapa Ihanja tulikaa msikitini tangu Adhuhuri hadi Alasiri tukimngoja mpambe wa bwana harusi. Bahasha ya mahari ilikuwa mfukoni mwake, na gari lake liliharibika akitokea Singida mjini. Ndoa ingeweza kufungwa kwa mahari kutajwa na kubaki deni juu ya mume. Lakini wazee wa bibi harusi waliahidiwa fedha taslimu, nao wakakataa. Tangu hapo tunawapa wapambe maelekezo haya mapema.

Ndoa ikifungwa baada ya swala ya jamaa ya saa 7:00 mchana, wapambe wa kiume wafike msikitini saa 6:00. Anayetoka mbali alale Ihanja. Mahari yahesabiwe usiku wa kuamkia ndoa mbele ya bwana harusi, kisha yakae kwa mtu aliye hapa kijijini.

Mara nyingi mpambe huwa ndiye shahidi pia, na hapo pana hatari kubwa zaidi. Mahari yanaweza kucheleweshwa, bali bila mashahidi wawili ndoa haifungwi. Wawe wanaume Waislamu, waadilifu na waliobaleghe, waketi karibu na walii ili wasikie ijabu na kabuli kwa masikio yao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo haimpokei shahidi aliye chini ya miaka 18. Basi mdogo wa bwana harusi mwenye miaka 16 anaweza kuwa mpambe, lakini asihesabiwe katika mashahidi. Tunashauri atayarishwe shahidi wa tatu wa akiba.

Mavazi yao ni kanzu safi isiyoburura chini na kofia. Hariri na dhahabu si halali kwa wanaume, hata pete ya siku moja.

Wapambe wa kike wafike kwa bibi harusi saa 2:00 asubuhi. Nguo zao ziwe pana, zenye mikono mirefu, na mtandio uinuliwe dirishani kabla ya kuvaliwa: mwanga ukionesha vidole kwa upande wa pili, utafutwe mwingine.

Jukumu lao kubwa ni kulinda swala ya bibi harusi. Rangi ya kucha huzuia maji ya udhu, hina haizuii. Kwa hiyo apakwe hina. Atawadhe, aswali Adhuhuri mara wakati uingiapo, ndipo mpambaji amalizie uso wake. Bwana harusi huingia nyumbani baada ya ndoa kufungwa, hivyo muda unatosha. Tumeshuhudia bibi harusi akiambiwa asubiri, asiharibu poda, hadi Adhuhuri ikampita.

Wabillahi tawfiq.