Mwokaji Mikate Aliyeanguka Kifafa

Juma lililopita mwenye kiwanda kidogo cha mikate alinijia na swali. Ana wafanyakazi watano. Mmoja wao, mwokaji wa usiku, alianguka kifafa hatua mbili tu kutoka kwenye tanuri. Bwana yule akasema, "Sheria ya walemavu ni ya wenye watu 20. Mimi je, siwezi kumwachisha kesho?"

Kosa lake ni la wengi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, hapa Tanzania, humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na walemavu wasiopungua 3 katika kila 100. Hesabu hiyo kweli haimgusi. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake, hata kama wafanyakazi ni wachache. Na kanuni zake za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mgonjwa, atazame kwanza kama kazi yaweza kurekebishwa.

Basi nikamwambia aketi na kijana mwenyewe, kisha apate cheti cha daktari kisemacho analoweza na asiloweza. Cheti kikaja: asikeshe, kwa maana kukosa usingizi huamsha kifafa, asikae karibu na moto wala mashine ya kukandia. Tukaandika kazi zote za kiwanda: kupima unga, kukanda, kuoka, kufunga mikate, kuuza. Tatu kati ya hizo hufanywa mchana, mbali na moto. Muuzaji alikubali kujifunza kuoka, na kijana akahamia kupima unga, kufunga na kuuza. Gharama yake ni majuma mawili ya kufundishana.

Je, mwajiri mdogo hana mpaka? Anao. Halazimiki kubuni kazi isiyokuwapo, wala kuajiri mtu wa pili wa kumlinda yule wa kwanza. Kama kiwanda kingekuwa na watu wawili tu, na wote wanashinda motoni, huenda pasingepatikana nafasi. Hapo angeweza kumwachisha, lakini baada ya kumsikiliza, kumpa notisi na kumlipa haki zake. Vilevile mgonjwa ana likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika miaka 3: siku 63 kwa mshahara kamili, na 63 kwa nusu.

Mwenye mali, weka karatasi ile ya kazi pamoja na cheti. Mfanyakazi anayeona ameonewa aweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, na huko mwajiri huulizwa: "Ulijaribu nini kwanza?" Asiye na jibu, udogo wa kiwanda chake hautamtetea.