Mtoto wa Ndugu Yako Ana Haki ya Msahihishaji Mwingine

Nawaandikia walimu wa shule za mitaani na vijijini, ambako mwalimu humfundisha mtoto wa jirani, mtoto wa binamu, na mara nyingi mtoto wa ndugu yake wa tumbo moja. Nawaandikia pia wazazi na jamaa, kwa sababu mambo haya huanzia nyumbani kabla hayajafika darasani. Ombi langu ni hili: mpende mtoto wa ndugu yako bila kificho, msaidie kwa kila njia ambayo ungemsaidia mwenzake, na siku ya kusahihisha kazi yake, kalamu ishikwe na mtu mwingine.

Kulikuwa na wakati alama za darasani ziliishia kwenye ripoti ya muhula, na mtihani uliomhamisha mtoto ngazi ulisahihishwa mbali, na watu wasiomjua. Leo hapa Kenya sivyo. Matokeo anayotoka nayo mtoto Gredi ya 9 yamejengwa kwa mafungu matatu. Asilimia 60 ni mtihani wenyewe wa KJSEA, asilimia 20 ni KPSEA aliyoifanya Gredi ya 6, na asilimia 20 iliyobaki ni tathmini ya shuleni ya Gredi ya 7 na ya 8. Kazi za tathmini hiyo hutungwa na Baraza la Mitihani, KNEC, na shule huzipakua kwenye tovuti ya baraza. Lakini anayezisahihisha ni mwalimu wa somo, palepale shuleni, kisha shule inaingiza alama kwenye mtandao. Kundi la kwanza lilifanya KJSEA mwishoni mwa 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Nafasi katika sekondari pevu zinazotamaniwa na wengi hazitoshi wote wanaozitaka, kwa hiyo mtoto mmoja akipandishwa asikostahili, kuna mwingine anayeshushwa, na huyo hana shangazi katika chumba cha walimu.

Sasa tuingie ndani ya usahihishaji wenyewe, maana hapo ndipo upendeleo unapoingia, na mara nyingi huingia bila mtu kuukaribisha.

Walimu wa Kiswahili tumezoea kutuza insha kwa alama 20, kwa viwango vinne tulivyovirithi kutoka miongozo ya KCSE. D ni alama 01 hadi 05, C ni 06 hadi 10, B ni 11 hadi 15, na A ni 16 hadi 20. Msahihishaji huisoma insha nzima kwanza, akaamua imekaa kiwango gani, kisha ndani ya kiwango hicho akatafuta alama yake. Insha ya C ni ya mtoto anayeijaribu mada bila kuikuza, mawazo yanarukaruka, makosa ya sarufi na hijai ni mengi. Insha ya B ina mtiririko, na msomaji anaona mwandishi anaimudu lugha. Kati ya 10 na 11 pana mpaka mzima wa kiwango, na mpaka huo unalindwa na uamuzi wa mtu mmoja aliyeketi na rundo la karatasi.

Chukua mwalimu wa Gredi ya 8 ambaye katika rundo lake mna insha ya mtoto wa kaka yake. Mada ni siku ambayo mwanafunzi hataisahau, na kijana ameandika juu ya usiku aliofariki bibi yake. Ameandika kwa ufupi: walimpeleka bibi hospitalini, mvua ilinyesha, gari lilichelewa, wakalia mpaka asubuhi. Aya mbili tu, vitenzi vinachanganya nyakati, na mambo hayafuatani vizuri. Lakini mwalimu alikuwapo usiku ule. Bibi huyo ni mama yake mzazi. Akisoma neno "mvua" anaiona barabara yenyewe, akisoma "gari lilichelewa" anakumbuka nani alipigiwa simu na nani hakupokea. Yale ambayo kijana hakuyaandika, shangazi anayaandika kwa niaba yake kichwani. Anaifunga karatasi macho yakiwa na machozi, na kwa moyo mweupe kabisa anatoa 12.

Karatasi ya tatu kutoka hapo ni ya msichana ambaye naye ameandika kifo cha bibi. Aya mbili, makosa yaleyale, ukavu uleule. Mwalimu hakuwapo kwenye msiba huo. Anasoma kilichoandikwa na kukikuta hakijakuzwa, anatoa 9. Hajadanganya popote. Kila alama ukimuuliza ataitetea kwa mwongozo mkononi. Hata hivyo watoto wawili walioandika insha za uzito mmoja wametenganishwa kwa kiwango kizima, na kilichowatenganisha hakikuwa kwenye karatasi.

Ndiyo maana siridhiki mtu anaponiambia kwamba yeye ni mwadilifu, basi hana haja ya tahadhari. Uadilifu unamzuia mtu kutoa alama anayojua ni ya uongo. Haumzuii kusoma kisichoandikwa. Mwaka 1912 huko Marekani, watafiti Daniel Starch na Edward Elliott walichukua karatasi ileile ya Kiingereza wakawapelekea walimu wa shule nyingi waisahihishe kwa alama 100. Walijibu walimu 142, na kati ya alama ya chini na ya juu palikuwa na pengo la zaidi ya 30, kwa karatasi moja, bila undugu wowote. Mahali palipo na nafasi pana hivyo ya hukumu, mapenzi hayakosi pa kukaa.

Na kuna upande wa pili ambao watu hawausemi sana. Mwalimu anayeogopa maneno ya watu humbana mtoto wa ndugu yake. Insha ya 12 anaipa 9 ili asije akaambiwa, na kijana anajifunza kwamba kuwa na shangazi mwalimu ni adhabu. Huo nao ni udhalimu, na chanzo chake ni kilekile: anayetuzwa ni jina, si kazi. Mtoto anayo haki ya kusomwa na mtu ambaye hana sababu ya kumhurumia wala ya kumkomoa.

Je, mwalimu ajifanye hamjui mtoto wa nduguye? Hasha. Waliosema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe walijua wanachosema, na sitaki shule inayomfundisha mtu kuwakana watu wake. Shangazi akiona kijana anaandika aya za mistari mitatu, amketishe jioni nyumbani amwonyeshe namna wazo moja linavyopanuliwa. Amnunulie vitabu vya hadithi. Amwambie kaka yake kwamba mtoto anasinzia darasani kwa sababu anakesha na simu. Kijana akifiwa wiki ya tathmini, amweleze mwalimu mkuu na aombe apewe fursa ileile ambayo mwanafunzi yeyote aliyefiwa angepewa. Yote haya ni malezi, na hakuna mtoto mwingine anayeyalipia.

Malezi hugeuka upendeleo pale msaada unapogusa kile ambacho watoto wote wanapimwa nacho. Kumfundisha kuandika insha ni malezi, ila kumdokezea mada ya tathmini iliyopakuliwa jana ni wizi, hata kama amedokezewa kwa sauti ya upole mezani wakati wa chakula. Kumpa siku mbili za ziada za kumaliza mradi kwa sababu "anajitahidi sana" ni upendeleo ikiwa aliyekaa naye dawati moja alikatwa alama kwa kuchelewa siku moja. Mimi hujiuliza kama jambo hilo ningelitamka kwenye mkutano wa wazazi, mbele ya mama yake yule msichana wa alama 9. Nikisita, nimeshapata jibu.

Kwa walimu wenye jamaa darasani, utaratibu ninaouombea si mgumu. Mwanzoni mwa mwaka mwandikie mwalimu mkuu barua fupi: jina la mtoto, undugu wenu, somo unalomfundisha. Nakala ibaki kwako. Wakati wa tathmini, karatasi ya mtoto huyo isitolewe peke yake, maana msahihishaji atajua ni ya nani. Itolewe pamoja na nyingine tano au sita za darasa hilo, majina yafunikwe, zibaki namba tu, mwalimu mwenzako azisahihishe kwa mwongozo uleule, nawe usahihishe za kwake kwa kubadilishana. Alama aliyoitoa mwenzako ndiyo iingie. Zile tano au sita zina kazi ya pili: zikionyesha kwamba mwenzako ni mkali au mlegevu kuliko wewe, mnakaa pamoja kuusawazisha mkono kwa darasa zima kabla alama hazijaingizwa.

Najua shule nyingi zina mwalimu mmoja tu wa somo. Hapo mwombe mwalimu wa shule jirani, kwa idhini ya walimu wakuu wote wawili, na karatasi zisafiri katika bahasha iliyofungwa. Kazi za mdomo na za vitendo ni ngumu zaidi, kwa kuwa jina huwezi kulifunika wakati mtoto amesimama mbele yako. Kwa hizo, awepo mwalimu wa pili chumbani, kila mmoja aandike alama zake kabla hawajazungumza. Haitakuwa kamili, lakini itakuwa hukumu ya watu wawili.

Walimu wakuu, barua hiyo ikifika mezani msiichukue kama mtu anakiri kosa. Mkimtazama vibaya wa kwanza kuileta, wa pili hataileta. Ingekuwa bora zaidi fomu iwepo, kila mwalimu aijaze kila Januari, hata asiye na jamaa shuleni aandike kwamba hana.

Wazazi ambao si jamaa wa mwalimu, msianze na shutuma. Mtoto wa mwalimu anaweza kabisa kuwa hodari kwa jasho lake, na kumwita mwizi wa alama ni kumwonea. Ulizeni kwa heshima: karatasi za jamaa wa walimu husahihishwa na nani hapa? Shule yenye utaratibu itajibu mara moja.

Nanyi ndugu zetu, tafadhali msitupigie simu wiki ya tathmini. "Dada, huyo ni mwanao, usimwache" ni maneno mazito kwa mtu anayewapenda, na anayeyasikia atayabeba mpaka kwenye rundo la karatasi. Pigeni mwezi wa pili, muulize mtoto anakwama wapi. Tutakuwa na muda wa kutosha kumfundisha, na shangazi yake atakuja jioni na daftari bila kuhitaji kubembelezwa.