Njaa Inayotangulia Hedhi

Oktoba 2002, Paula Radcliffe wa Uingereza alishinda marathoni ya Chicago kwa saa 2:17:18, rekodi mpya ya dunia, huku tumbo la hedhi likimkata. Miaka 14 baadaye, kwenye Olimpiki ya Rio, muogeleaji Fu Yuanhui wa China alimweleza mtangazaji wa televisheni kwamba hedhi ilimwanza usiku uliotangulia na alijisikia mchovu. Timu yake ya kupokezana ilikuwa imemaliza ya nne. Mifano hiyo miwili yatosha kumnyamazisha anayedai kwamba hedhi humdhoofisha kila mwanamichezo kwa namna moja. Badiliko linaloonekana kwa wengi zaidi liko kwenye sahani, nalo huja kabla damu haijatoka.

Yai likishatoka, homoni ya projesteroni hupanda. Joto la mwili huongezeka kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5, na hata mwili ukiwa umepumzika hutumia nishati zaidi kidogo. Njaa nayo huongezeka. Siku chache kabla ya yai kutoka, estrojeni ilipokuwa juu, hamu ya chakula ilikuwa imepungua; sasa inarudi na madai yake. Tafiti zikijumlishwa, tofauti ni wastani wa kalori 170 hivi kwa siku, yaani karanga za kujaa kiganja.

Ni kidogo, lakini huja wakati mbaya. Siku hizohizo mwili hushika maji, na mzani waweza kusoma kilo moja zaidi. Binti anayekimbia mita 5,000 anaona namba hiyo, kocha anaiona pia, na njaa ya kweli inabatizwa jina la ulafi. Anaruka chakula cha jioni. Maji yatatoka yenyewe hedhi ikianza. Chakula alichojinyima hakirudi.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme ana kilo 50, na kilo 40 kati ya hizo si mafuta, bali misuli, mifupa na viungo vya ndani. Anakula kalori 1,600 kwa siku na mazoezi yanachukua 600. Zinabaki 1,000 za kuendesha moyo, ubongo, mifupa na mayai: kalori 25 kwa kila kilo ya zile 40. Wataalamu hulenga 45. Katika majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 2003, wanawake walioshushwa chini ya 30 kwa siku tano tu walianza kuvurugika mapigo ya homoni inayoamuru yai kutoka. Huyu wetu anahitaji kalori 2,400, kwa hiyo ana pengo la 800 kila siku. Kiganja cha karanga hakilizibi. Anahitaji uji wa maziwa kabla ya mazoezi ya asubuhi, chapati na ndizi akimaliza, na ugali wa kutosha usiku, wiki zote nne.

Ndiyo maana toleo hili halina jedwali la vyakula vya kila wiki ya mzunguko, ingawa majedwali hayo yanauzika sana. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta uwezo wa michezo ukishuka kidogo mno siku za mwanzo za hedhi, na tofauti kati ya mtu na mtu ikiwa kubwa. Mwenye kuumwa sana apunguze mazoezi siku hiyo. Mwenye nguvu akimbie. Daftari lake mwenyewe la miezi mitatu, lenye tarehe, njaa, usingizi na uchovu, litamfaa kuliko jedwali la kununua.

Madini ya chuma ni habari nyingine. Hedhi ya kawaida hutoa mililita 30 hadi 40 za damu, na pamoja nazo takriban miligramu 15 hadi 20 za chuma. Maini, dagaa na maharage hurudisha, ila chai ya rangi inayoteremshia maharage huzuia sehemu kubwa ya chuma hicho kufyonzwa. Chai isubiri saa moja. Chungwa liliwe papo hapo.

Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo, na mimba haipo, makocha wengine huchukulia kuwa ni dalili ya mazoezi kukolea. Huenda ni dalili ya pengo lile la 800, na mifupa huanza kulipa gharama yake. Lakini kipimo hicho hakimfai kila mtu. Anayetumia sindano au kijiti cha uzazi wa mpango anaweza kukosa damu kwa sababu ya dawa, na anayemeza vidonge anaweza kuona damu kila mwezi hata kama anakula pungufu. Kwa hawa daktari ataangalia mambo mengine: mifupa ya mguu inayopata nyufa, mafua yasiyokwisha, uzito unaoshuka, na orodha ya kweli ya alichokula jana.