ASIYEKUWAPO NA LAKE HALIPO



Iko barua inayoandikwa mara kwa mara katika viwanda, bohari na mashamba ya Tanzania, na mara kwa mara hujibiwa maneno yale yale. Mwakilishi wa wafanyakazi, aliyechaguliwa na wenzake, anamwandikia meneja kuomba ruhusa ya siku chache ili aende kwenye mazungumzo ya mishahara au kwenye mkutano mkuu wa chama cha wafanyakazi, na anaomba mshahara wake usikatwe. Jibu linarudi: "Nenda ukipenda, lakini siku hizo hazina malipo." Au linarudi limepakwa asali: "Tumia likizo yako ya mwaka."

Twasema waziwazi kwamba jibu hilo ni hila. Mwajiri hathubutu kusema kuwa mwakilishi asiende. Anamwambia aende huku amemfunga mguu.

Tupige hesabu. Mtu anapokea shilingi 390,000 kwa mwezi na kufanya kazi siku sita kwa juma, yaani kama shilingi 15,000 kwa siku. Mkutano uko Dodoma, siku tatu, na safari ya kwenda na kurudi siku mbili. Akikatwa siku tano amepoteza shilingi 75,000, karibu sehemu ya tano ya mshahara wake. Je, mwaka ujao ni nani atakayekubali kuchaguliwa? Watabaki wale wenye duka pembeni, au wale wanaopendwa na ofisi. Hivyo ndivyo chama kinavyouawa bila kupigwa marufuku.

Na tazameni upande wa pili wa meza ya mazungumzo. Ameketi meneja utumishi, ameketi mhasibu, pengine na wakili pamoja nao. Ni nani kati yao aliyekatwa mshahara kwa kukaa pale? Hakuna. Kwa wao mazungumzo ni kazi. Kwa mfanyakazi, ati, ni utoro!

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 62 kama ilivyotungwa, iliwapa wawakilishi wa chama mahali pa kazi muda wa kiasi wenye malipo ili watimize kazi zao. Kazi hizo zimetajwa: kumtetea mwanachama kwenye kikao cha nidhamu, kuangalia kama mwajiri anafuata sheria za kazi, na kutimiza shughuli za chama zilizowekwa na sheria za kazi. Kujadiliana mkataba wa hali bora ni shughuli ya chama iliyowekwa na sheria hiyo hiyo. Kwa hiyo mwakilishi anayeitwa kwenye mazungumzo haombi fadhila. Anataka chake.

Kifungu cha 63 kiliongeza likizo ya kiasi yenye malipo kwa wawakilishi wanaokwenda kwenye mafunzo yanayohusu kazi yao, na kwa viongozi wa chama na wa shirikisho lake wanaokwenda kutimiza kazi za uongozi wao.

Hapo ndipo penye shimo, ndugu zangu, na tusifichane. Mkutano mkuu haukutajwa kwa jina. Aliye kiongozi wa chama anaweza kusema kwamba kuhudhuria ni kazi ya cheo chake. Lakini mjumbe wa kawaida, mwakilishi wa tawi asiye na cheo kingine, meneja atamwambia kwamba mkutano si mafunzo wala si mazungumzo, na ubishi utaanza. Tena neno "kiasi" halina hesabu. Sheria haikusema siku tatu wala siku kumi. Kila mmoja atalivuta upande wake, na mwenye kushika daftari la mishahara ndiye atakayevuta kwa nguvu zaidi.

Wako wanaosema, "Dunia nzima inakubali, basi yatosha." Haitoshi. Pendekezo Namba 143 la Shirika la Kazi la Kimataifa, la mwaka 1971, linataja mikutano mikuu kwa jina na kusema mwakilishi apewe muda bila kupoteza mshahara. Lakini papo hapo linaiachia kila nchi njia ya kuamua gharama zimwangukie nani. Kwa kulishika pendekezo hilo peke yake, meneja hamtamfunga.

Dawa iko ndani ya sheria yenyewe. Miongoni mwa kazi za mwakilishi zenye muda wa malipo imo kazi yoyote ambayo mwajiri amekubali. Basi akubali mapema, kwa maandishi! Chama kimpelekee mwajiri taarifa, kwa fomu iliyowekwa, kwamba kinataka kutumia haki hizi. Kwa kifungu cha 64 mwajiri ana siku 30 kukutana na chama na kufunga mkataba unaotoa haki na kueleza namna ya kuitumia. Akikaa kimya au akikataa, mgogoro uende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; usuluhishi ukishindikana, uende Mahakama ya Kazi.

Na mkataba huo useme nini? Useme ni wajumbe wangapi na kwa siku ngapi kwa mwaka. Useme mkutano mkuu kwa jina lake. Useme siku za safari zinahesabiwa. Useme taarifa itolewe siku ngapi kabla. Useme siku hizo hazitoki kwenye likizo ya mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki isiyoandikwa ni vivyo hivyo.

Lakini tujisafishe na sisi. Wako wawakilishi wanaoomba kwa mdomo, jioni ya kuamkia safari, bila barua ya mwaliko, mashine ikabaki bila mtu. Huyo anampa meneja fimbo ya kumpigia. Barua iende mapema, ikiwa na tarehe, mahali na mwaliko wa chama. Nakala ibaki na mhuri wa mapokezi. Na mjumbe apange na msimamizi wake nani atashika zamu. Nauli na posho zitoke kwenye ada zetu, si kwa mwajiri. Mshahara ni haki iliyowekwa na sheria na mkataba, wala haumnunui mtu. Bali posho ya safari kutoka mkono wa mwajiri huanza kama wema na kuisha kama deni.

Mwisho wa mwezi mjumbe aifungue hati yake ya mshahara. Akiona pengo, asingoje mwaka upite. Kifungu cha 28 hakikumpa mwajiri ruhusa ya kukata apendavyo. Kukata kuna misingi yake, kama vile sheria, mkataba wa pamoja au amri ya mahakama. Amwulize mwajiri kwa barua, "Mmekata kwa msingi gani?" na nakala aipeleke kwa chama siku hiyo hiyo.

Ndugu, mkutano mkuu ndipo wanapochaguliwa viongozi na kupitishwa madai. Tawi lenu lisipokuwa na mtu pale, madai yenu hayana mdomo. Tawi lisilo na mkataba huu na lianze juma hili: fomu ijazwe, ipelekwe, na siku 30 zianze kuhesabiwa.