Mwiko wa Wiki Sita Si Mwiko wa Maisha

Imeenea miongoni mwa watu wenye kusumbuliwa na kujaa tumbo dhana moja ambayo mimi naiona kuwa na madhara makubwa, nayo ni kwamba chakula kikishamjaza mtu riahi mara moja au mara mbili, basi chakula hicho kimekwisha kuwa adui wa mwili wake, na dawa yake ni kukiepuka hadi siku ya kufa. Dhana hii ni kongwe, lakini siku hizi imepata vazi la elimu. Hupitishwa karatasi kutoka mkono hadi mkono, na picha yake kutoka simu hadi simu, yenye vyakula vya ruhusa upande mmoja na vilivyokatazwa upande wa pili: kitunguu maji, kitunguu saumu, ngano, maharage, kunde, maziwa, embe, asali, na juu yake yameandikwa maneno ya lishe ya FODMAP. Anayeipokea huisoma kama asomavyo mtu hukumu ya halali na haramu. Nasema wazi kwamba karatasi hiyo ikisomwa hivyo ni upotofu, na kwamba wale walioubuni utaratibu huo hawakuukusudia hivyo.

Utaratibu wenyewe ulitoka Chuo Kikuu cha Monash, katika mji wa Melbourne, Australia, ambako tabibu Peter Gibson na mtaalamu wa lishe Sue Shepherd walilitangaza jina la FODMAP mwaka 2005. Jina hilo limeundwa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza, na maana yake ni jamii ya sukari na wanga mfupi ambao utumbo mwembamba hauufyonzi sawasawa. Zimo fruktani, zilizomo katika ngano na vitunguu. Zimo galaktani za maharage, kunde na choroko. Imo laktosi ya maziwa. Imo fruktosi pale inapoizidi glukosi, kama katika embe na asali. Na zimo sukari za jamii ya sorbitoli na manitoli, ambazo aghalabu hutiwa katika peremende zisizo na sukari ya kawaida. Vitu hivi vikishuka bila ya kufyonzwa, baadhi yake huvuta maji ndani ya utumbo mwembamba, na vikifika katika utumbo mpana, vijidudu wanaoishi humo huvila na kuzalisha hewa. Utumbo hutanuka, na mwenyewe husema tumbo limejaa.

Hapa ndipo penye nukta ambayo karatasi haisemi, nami nataka msomaji aishike kuliko nyingine zote. Hewa hiyo huzalishwa katika tumbo la kila mwanadamu. Wataalamu wa Uingereza waliopiga picha za matumbo ya wagonjwa na ya watu wazima wa afya, baada ya kuwalisha wote sukari za namna hizi, waliona matumbo ya makundi yote mawili yakitanuka kwa kadiri zinazokaribiana. Tofauti ilikuwa kwamba wagonjwa waliumia na wenziwao hawakuumia. Maradhi, basi, yamo katika hisia za utumbo, ambao huhisi kwa ukali kutanuka ambako utumbo mwingine hukupuuza. Kitunguu hakikumtia mgonjwa kidonda wala sumu. Alilopata ni karaha, nayo hupita. Na kwa kuwa hakuna kinachoharibika ndani, hakuna kinachopona kwa kukaa miaka miwili bila kitunguu. Mwenye kudhani kwamba kadiri anavyozidi kujinyima ndivyo utumbo wake unavyozidi kupona, amejenga juu ya msingi ambao haupo.

Ndiyo sababu utaratibu wa Monash una awamu tatu, na ya kwanza, ile ya kujizuia, hupewa wiki mbili hadi sita tu. Muda huo una kazi moja, nayo ni kujua iwapo sukari hizi ndizo zinazomsumbua mtu huyu. Akipata nafuu ya dhahiri, hoja imethibiti, na wakati wa kuzirudisha umewadia. Asipopata nafuu katika wiki hizo, basi hoja imeanguka, na yampasa arudie chakula chake chote na kuitafuta sababu kwingine. Watu wengi, kwa bahati mbaya, hufanya kinyume cha yote mawili: aliyepata nafuu huogopa kuipoteza na kubaki alipo, na asiyeipata hudhani hakujinyima vya kutosha, akaongeza vyakula vingine katika orodha. Wala kubaki hapo si bure. Uchunguzi uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wiki nne tu za kujizuia ziliwapunguza bifidobakteria, vijidudu wenye manufaa ambao riziki yao ni hizo hizo fruktani na galaktani.

Nitaeleza lililompata binti wa kaka yangu, mwalimu wa shule, kwa kuwa karatasi hiyo ilimtawala takriban miaka miwili. Aliipata kwa rafiki yake, akapata nafuu katika wiki ya tatu, na tangu hapo hakurudi nyuma. Nilipomtembelea, alikuwa akila wali mweupe, samaki wa kuchemsha, karoti na tango, mchana na usiku. Alikuwa amekonda, hakwenda karamuni, na kila nilipomuuliza kwa nini haongezi kitu, alinijibu, "Ami, nilijaribu, nikaumwa." Nilipomdadisi jaribio lenyewe lilikuwaje, ilibainika kwamba alikwenda harusini, akala pilau yenye vitunguu vya aina mbili, kachumbari, mandazi, na bilauri ya maji ya embe, na usiku tumbo likamjaa kama ngoma. Kwa usiku ule mmoja alivihukumu vyote.

Lile halikuwa jaribio, kwa kuwa halikuweza kumjulisha chochote. Ndani ya sinia moja zilikutana fruktani za vitunguu, fruktani za ngano na fruktosi ya embe, na vyote kwa kiasi kikubwa. Na sukari hizi zina tabia ya kujumlika, hata vyakula vitatu ambavyo kila kimoja peke yake kingepita salama, vikiliwa pamoja huvuka mpaka. Jaribio la awamu ya pili huenda kwa mwendo mwingine. Mtu hubaki katika lishe yake ya kujizuia, kisha huongeza chakula kimoja, chenye sukari ya kundi moja, kwa siku tatu, akianza na kiasi kidogo na kukizidisha kila siku. Halafu hukiacha, hupumzika siku mbili au tatu hadi tumbo litulie, ndipo ashike kundi jingine. Chakula kilichofaulu nacho huwekwa kando mpaka majaribio yote yakamilike, ili kisije kikachanganya ushahidi wa kinachofuata. Mtu akiumwa siku ya pili, haendelei na ya tatu. Amekwisha kuupata mpaka wake, na mpaka ndicho kitu alichokuwa akikitafuta.

Basi akaanza na maziwa, kwa kuwa ndiyo aliyoyaogopa kidogo kuliko vyote: robo kikombe siku ya kwanza, nusu siku ya pili, kikombe kizima siku ya tatu. Hakuna kilichotokea, na miaka miwili ya chai ya rangi ikawa imepita pasipo sababu. Zikafuata choroko zilizorowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, zikachemshwa na maji yale nayo yakamwagwa, maana galaktani huyeyuka katika maji na sehemu yake hutoka nayo. Vijiko viwili, robo kikombe, nusu kikombe. Siku ya tatu alipata riahi nyingi bila maumivu, nikamkumbusha kwamba riahi bila maumivu ni kazi ya kawaida ya utumbo. Embe akalila hadi nusu bila taabu, na zima likamjaza.

Ngano na vitunguu, ijapokuwa vyote ni vya fruktani, hupimwa mbalimbali, kwa sababu kiasi cha fruktani na namna mtu anavyovila hutofautiana. Chapati nusu, kisha moja, zilipita. Moja na nusu ikamletea karaha. Hapa ana wenziwe wengi, ambao huona tumbo likijaa kwa mkate wakailaumu gluteni, ile protini ya ngano, na kuikimbia ngano moja kwa moja. Utafiti wa Oslo uliochapishwa mwaka 2018 uliwachukua watu 59 waliojizuia gluteni kwa hiari yao ingawa hawakuwa na maradhi ya siliaki, wakapewa vitafunio ambavyo hawakujua vina nini ndani: fruktani ndizo zilizowasumbua zaidi, na gluteni haikuzidi kitafunio kitupu. Tofauti hii ina uzito, kwani fruktani ni suala la kiasi, na mwenye kulijua hilo hubaki na chapati yake moja.

Kitunguu maji ndicho kilichomshinda kweli: robo ilipita, nusu ikamuumiza siku nzima. Hata hivyo hakulazimika kurudi kwenye samaki wa kuchemsha. Fruktani huyeyuka katika maji, haziyeyuki katika mafuta. Kwa hiyo kukitoa kitunguu ndani ya mchuzi uliokwisha chemka hakusaidii, kwa kuwa zimekwisha kuingia mchuzini, lakini ukikaanga vitunguu saumu vikubwa vikubwa katika mafuta matupu, kabla ya nyanya wala tui, kisha ukaviopoa vyote, ladha hubaki na fruktani huondoka. Tangawizi, iliki, mdalasini na bizari nyembamba hazina kosa katika kiasi cha upishi.

Naongeza jambo moja, nalo si dogo. Lishe hii isianzwe na mtu anayekonda bila sababu, au mwenye damu katika choo, homa, upungufu wa damu, au maumivu yanayomwamsha usingizini, wala na mwanamke ambaye tumbo limemjaa kwa wiki nyingi bila kupungua. Hao waende kwa tabibu kwanza. Na mwenye kutaka kupimwa siliaki apimwe kabla hajaiacha ngano, kwa maana akiiacha, kipimo huweza kudanganya.

Awamu ya tatu, ile ya kula kwa kuifuata mipaka iliyopatikana, haina orodha ya kila mtu. Ya binti yetu ni hii: maziwa apendavyo, choroko mara tatu kwa wiki, embe nusu kwa mlo, chapati moja na si siku ya embe, na mafuta ya kitunguu saumu katika kila mchuzi. Mwezi uliopita, miezi minne baada ya jaribio la kwanza, alikipima tena kitunguu maji, kwa sababu mpaka wa utumbo huweza kusogea kadiri muda unavyopita. Nusu, safari hii, ilipita.