Kufikiwa si Kutenda

Kuna kitenzi ambacho ripoti za kampeni za afya hukipenda kuliko vingine vyote: kufikiwa. "Watu 800,000 wamefikiwa." Sisi tunaosoma Kiswahili hapa Uganda huajiriwa kutafsiri matangazo hayo na kuwahoji wasikilizaji, kwa hiyo swali hili ni letu pia: aliyefikiwa alifanya nini? Nashikilia kwamba gharama kwa kila aliyefikiwa, ikiwekwa kileleni mwa ripoti, huficha mengi kuliko inayoonyesha.

Nitatumia hesabu ya kubuni ili jambo lieleweke. Tuseme kampeni ya redio inawahimiza walezi kumpa mtoto anayeharisha dawa ya kuongeza maji mwilini, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14. Imetumia shilingi milioni 120. Wilaya zinazopata mawimbi ya redio hiyo zina watu 800,000. Ripoti inagawanya na kutangaza: shilingi 150 tu kwa kila mtu! Lakini ndani ya hao 800,000 wamo watoto wachanga, wasio na redio na waliokuwa shambani saa ya tangazo. Hao ni wakazi wa mahali mawimbi yanapofika. Hakuna aliyethibitisha kuwa walisikia.

Kisha huja swali la kumbukumbu. Walezi 1,000 wanaulizwa kama walisikia tangazo, na 400 wanajibu ndiyo. Sasa waulizwe pia kuhusu tangazo ambalo halikurushwa kamwe. Wakijibu ndiyo 150, tutajua kwamba sehemu kubwa ya zile ndiyo 400 ni adabu kwa mgeni mwenye daftari, au kuchanganya tangazo moja na jingine. Halafu mhoji aulize, bila kusoma majibu ya kuchagua: "Tangazo lilikuambia ufanye nini?" Mlezi anaweza kuuimba wimbo wa tangazo wote na asijue kwamba zinki huendelea kutolewa hata mtoto akiacha kuharisha. Huyo amekumbuka wimbo. Ujumbe umempita.

Mwisho ni vitendo. Tuseme watoto waliopewa dawa walipoharisha walipanda kutoka 36 hadi 46 katika kila 100 kwenye wilaya za kampeni. Ripoti itajivunia ongezeko la 10. Lakini katika wilaya za jirani zisizo na tangazo walipanda kutoka 35 hadi 41, labda kwa sababu dawa ilianza kupatikana madukani. Sehemu ya kampeni, basi, ni 4. Kama watoto 50,000 waliharisha katika kipindi hicho, walionufaika kwa sababu ya tangazo ni 2,000. Gawanya milioni 120: ni shilingi 60,000 kwa kila mtoto. Fedha ni ileile, kampeni ni ileile, lakini 150 imekuwa 60,000. Huenda 60,000 ni bei ya haki, huenda siyo. Lakini ndiyo bei tunayoweza kuilinganisha na njia nyingine, kama vile kuwatuma wahudumu wa afya wa vijiji.

Kipimo cha namna hii kimewahi kufanyika kwa kweli. Nchini Burkina Faso, kuanzia 2012 hadi 2015, maeneo 14 ya redio za jamii yaligawanywa kwa kura: 7 yalipata matangazo ya afya ya mtoto mara kadhaa kila siku, 7 hayakupata. Watafiti walisoma rejista za vituo vya afya, na wakakuta ziara za watoto chini ya miaka mitano zimeongezeka kwa takriban asilimia 35 mwaka wa kwanza, kisha ongezeko likapungua. Vifo vya watoto vilipungua pande zote mbili, na tofauti kati yake haikuonekana. Bila yale maeneo 7 ya kulinganisha, mtu angeutangaza upungufu wote huo kuwa matunda ya redio.

Wapo wanaosema kwamba upimaji huu ni ghali. Swali la tangazo lisilorushwa huongeza dakika moja tu kwenye mahojiano, na rejista za zahanati tayari zinaandikwa. Ni kweli rejista ina kasoro: dawa zikiisha, wagonjwa hawaji, na idadi hushuka hata kama tangazo ni zuri. Basi ripoti iandike pia ni wiki zipi dawa zilikosekana.

Tukipewa kazi hizo, tukatae kuandika "wamefikiwa" peke yake. Tuandike wangapi walisikia, wangapi walieleza la kufanya, na wangapi walitenda zaidi ya wale wasiosikia. Hapo ndipo tugawanye fedha.